Daku linaharibikia kwenye futari

Asalaam alaykum mtaalamu. Mimi ni mhasibu, nina miaka 34, ofisi yetu ipo Posta na naishi Mbagala Rangi Tatu. Ramadhani imebaki wiki tatu, na mwaka huu inaangukia wakati tunafunga hesabu. Kila mwaka wiki ya kwanza kichwa kinanigonga kuanzia saa 4 asubuhi, na mwezi mzima ikifika saa 8 mchana nasinzia mbele ya kompyuta. Siku za kawaida nakunywa kahawa vikombe vitatu, cha mwisho saa 9 alasiri. Futari nakula nikashiba sawasawa, ila daku ama siamki, au naamka nalazimisha wali uliobaki bila hamu. Sina ugonjwa wowote. Nile nini, na saa ngapi?

Waalaykum salaam dada yangu. Kichwa chako na usingizi wako havina baba mmoja, kwa hiyo nitavitenganisha. Kichwa kina mwenyewe, naye umemtaja katikati ya swali kama mpita njia: kahawa.

Mwili uliozoea kafeini kila siku ukiikosa ghafla huanza kulalamika kati ya saa 12 na 24 baada ya kikombe cha mwisho. Ukali wake hufika kileleni siku ya kwanza au ya pili, halafu hupungua wenyewe ndani ya wiki moja hivi, hata usipofanya lolote. Sasa hesabu mwenyewe. Ukinywa kikombe cha mwisho saa 9 alasiri ya mkesha wa mfungo, saa 4 asubuhi ya kesho yake umetimiza saa 19. Ndiyo maana kinagonga saa hiyo, na ndiyo maana wiki ya pili kinapotea ukadhani mwili umezoea njaa. Uliozoea ni kukosa kahawa.

Usinichukulie kwa neno tu, maana kuna vichwa vya kiu na vya njaa pia, na kila kimoja kina dalili zake. Cha kahawa ni kizito, kinabana nyuma ya macho au kichwa chote, kinaanza asubuhi na kinakuja siku za mwanzo tu. Cha kiu huja zaidi alasiri, mdomo umekauka, na ukienda msalani mkojo ni mchache wenye rangi ya chai ya rangi. Cha njaa huja pamoja na mikono kutetemeka, jasho jembamba na moyo kwenda mbio, na mara nyingi ni siku uliyokosa daku. Maelezo yako yanaangukia kwenye cha kwanza, bila shaka kubwa.

Dawa yake inaanza leo, sio usiku wa kuandama mwezi. Wiki hii ondoa kikombe cha saa 9 alasiri. Wiki ijayo ondoa cha katikati. Wiki ya mwisho ya Shaabani kibaki kimoja, nacho ukisogeze taratibu hadi kiwe cha jioni baada ya magharibi. Kama una deni la siku za mwaka jana, na kina mama wengi mnalo kwa sababu ya hedhi, lilipe katika wiki hiyo ya mwisho. Utakuwa umelipa na umejipima hapo hapo. Ndani ya Ramadhani kikombe chako kinywe kabla ya saa 1 na nusu usiku, kwa sababu karibu nusu ya kafeini yake huwa bado imo mwilini saa tano baadaye, na wewe unatakiwa uwe umelala. Ikitokea hukujiandaa, kahawa ndogo kwenye daku si dhambi ya kiafya. Watu wanaogopa kwamba itakukausha maji, lakini kwa mnywaji wa siku zote kiasi kinachotoka ni kidogo sana, na kichwa kinachogonga juu ya vitabu vya hesabu kina hasara kubwa zaidi.

Tuje kwenye usingizi wa saa 8, na hapa ndipo nataka tukae.

Wengi wanaoniuliza kuhusu daku nikiwaomba waandike walichokula kwa siku tatu, kosa silikuti kwenye daku, nalikuta kwenye futari. Wewe pia. Unatoka na njaa ya mchana kutwa, unakuta mezani mihogo ya nazi, maharage, samaki wa kukaanga, tambi, chapati, sambusa za jirani na jagi la juisi ya ukwaju. Unakula kila kitu kabla hujasikia shibe, kwa sababu taarifa ya shibe huchelewa kama dakika 20 kufika kichwani. Tui la nazi na mafuta ya kukaangia hukaa tumboni muda mrefu, hayaondoki upesi kama uji. Ukienda kulala saa 5 tumbo bado linasaga. Saa 10 na nusu alfajiri kengele ikilia huna hamu kwa sababu hujamaliza kumeng'enya cha jana. Unazima kengele. Kinachokukosesha daku ni shibe, wala usijiite mvivu.

Sasa chukua kalamu, kazi yako ni hesabu. Ukimaliza kula saa 2 usiku na usile daku, mlo unaofuata ni magharibi ya kesho, ambayo Dar es Salaam kwa msimu huu ni karibu saa 12 na dakika 40 jioni. Hizo ni saa 22 na dakika 40, ilhali mfungo wenyewe, tangu alfajiri ya saa 11 na robo, ni saa 13 na nusu hivi. Ubongo hutumia kama gramu 5 za sukari kwa saa, na ini lililojaa huhifadhi kama gramu 100. Kwa hesabu ya haraka, saa 8 mchana umeshakaa saa 18 tangu kula na akiba hiyo iko ukingoni. Mwili una njia nyingine, unayeyusha mafuta na kutengeneza sukari mpya, hutazimia. Lakini huo ndio wakati tarakimu zinapoanza kucheza. Ukila daku saa 10 na nusu, saa 8 ile ile inakukuta na saa tisa na nusu tu tangu kula.

Kwa hiyo tunaanza kurekebisha kwenye futari, na tunaigawa mara mbili.

Sehemu ya kwanza huenda hutaila nyumbani. Ukitoka Posta saa 11 na foleni ya barabara ya Kilwa unaijua, adhana inaweza kukukuta Mtoni. Mimi iliwahi kunikuta pale kwa Azizi Ally, konda akazima muziki, mama wa kiti cha mbele akafungua pakiti ya tende akaipitisha nyuma bila hata kugeuka kuangalia nani anachukua. Kijana wa pembeni yangu yeye alikuwa na soda ya baridi na maandazi mawili, akavimaliza kabla hatujafika Mtongani, na nadhani kiungulia kilimfikisha nyumbani. Mkobani mwako weka tende tatu kwenye kikopo na chupa ya maji ya nusu lita. Tende tatu na glasi moja ya maji zinatosha kupandisha sukari taratibu na kukutuliza. Ndivyo sunna inavyoelekeza, na tumbo linakubaliana nayo kabisa: tende, maji, kisha sala, na ule muda wa sala ndio unaoipa shibe nafasi ya kufika.

Ukishaswali, anza na kibakuli cha uji mwepesi wa pilipili manga au supu, halafu sahani. Sheria yangu ya sahani ni fupi: wanga mmoja, kitu kimoja cha kukaanga. Kama leo ni mihogo ya nazi, basi chapati na tambi zina siku yake. Chukua vipande vitatu au vinne vya ukubwa wa kidole gumba kilichonenepa, upawa mzima wa maharage au kunde, kipande cha samaki, na mboga za majani zijae upande mmoja wa sahani. Kama unataka sambusa, kula moja, na samaki awe wa kuchemsha au wa kupaka. Kaimati ziache hadi baada ya tarawehe, mbili, kama bado unazitaka. Mara nyingi utakuta huzitaki tena. Juisi ya ukwaju nayo iwe glasi moja na baada ya maji, kwa sababu ukiwa na kiu utamaliza jagi, na jagi la nyumbani kwetu Uswahilini huwa na sukari kama nusu kilo, tusidanganyane.

Inuka ukiwa unahisi kwamba ungeweza kuongeza. Wiki ya kwanza utaona kama umejinyima, na mama mkwe anaweza kuuliza kama chakula hakikupendeza. Mwambie unaacha nafasi ya daku, hilo kila mzee wa Kiislamu analielewa.

Daku sasa. Kwako liwe mlo wa kweli, karibu theluthi moja ya unachokula usiku mzima, na liandaliwe kabla hujalala. Mtu anayetakiwa kupanda gari saa 12 asubuhi hawezi kuwasha jiko saa 10 na nusu kila siku kwa mwezi mzima, atafanya siku nne tu. Ninachowaelekeza wafanyakazi wengi ni uji wa ulezi kwenye chupa ya chai. Saa 3 usiku ukirudi tarawehe, koroga nusu kikombe cha unga wa ulezi na maji baridi kidogo, mimina kwenye vikombe viwili na nusu vya maji yanayochemka, usiache kukoroga, acha utokote dakika 10. Tia kijiko kimoja kikubwa cha karanga zilizosagwa. Suuza chupa kwa maji ya moto kwanza, mimina uji ukiwa unatokota, funga. Chemsha na mayai mawili, weka pembeni na maganda yake. Alfajiri unamimina uji ambao bado una moto, unamenya mayai, unakula ndizi mbivu moja na glasi ya maziwa au mtindi kama upo. Dakika 15 umemaliza, na jiko halijaguswa.

Kwa nini ulezi na sio mkate mweupe na chai ya sukari? Mkate na chai vinapanda haraka na kushuka haraka. Saa 3 asubuhi una njaa upya. Unga wa ulezi usiokobolewa una nyuzinyuzi, karanga zina mafuta na protini, mayai mawili yanakupa kama gramu 12 za protini, na vyote kwa pamoja huondoka tumboni polepole. Hakuna chakula kitakachokaa tumboni saa 13, wanaouza hivyo wanauza hadithi. Unachotafuta ni kuivuka asubuhi bila kuanguka ghafla.

Kama wewe ni mtu wa wali na bila wali hujala, sawa, tusigombane. Geuza vipimo tu: kikombe kimoja cha wali uliopikwa, kikombe kimoja cha maharage au choroko, na mchicha au matembele. Kula maharage kwanza. Lakini wali wako wa jana unanitia wasiwasi kwa jambo jingine. Kama huwa unaachwa kwenye sufuria juu ya meza tangu saa 1 usiku hadi alfajiri, kwa joto la Dar kuna bakteria wanaoota kwenye wali na kutoa sumu ambayo kuupasha moto hakuiondoi. Mtu hutapika saa mbili tatu baada ya daku akadhani ni mfungo umemshinda. Wali wa daku upakue mapema kwenye chombo kipana upoe, uingie kwenye friji ndani ya saa moja au mbili. Kama huna friji, pika kidogo kinachoisha na ubaki na uji. Vyenye tui la nazi ndiyo kabisa, hivyo huchacha kabla hujaota ndoto.

Punguza pia chumvi kwenye daku. Achari, chachandu, samaki mkavu, kachori za dukani, vyote vina ladha tamu ya alfajiri na vyote vitakudai maji saa 6 mchana, wakati huna cha kuvilipa.

Kuhusu maji, wengi hukumbuka dakika tano kabla ya adhana wakabugia lita nzima. Figo hazina ghala. Maji mengi yakija kwa mpigo huyatoa, na ndiyo maana mtu huyo anakwenda msalani mara tatu kabla ya saa 2 asubuhi akiwa ofisini. Lengo lako ni glasi nane za mililita 250 usiku mzima, zikitawanywa: moja na tende, moja baada ya sala, moja baada ya chakula, mbili kuzunguka isha na tarawehe, moja kabla ya kulala, mbili kwenye daku ukizinywa polepole pamoja na chakula. Chupa ile ya nusu lita ya mkobani ijaze mara nne, hutahitaji kuhesabu glasi. Kipimo chako ni mkojo wa adhuhuri: ukiwa wa njano ya majani makavu uko sawa, ukiwa wa rangi ya chai, ongeza chupa moja usiku huo. Kiyoyozi cha ofisini hukausha hewa bila wewe kutoa jasho, kwa hiyo usipime kiu kwa jasho.

Sasa usingizi wenyewe, maana chakula peke yake hakiwezi kuubeba. Tarawehe ikiisha saa 3, uji upo kwenye chupa saa 3 na nusu, kitandani saa 4. Ukiamka saa 10 na nusu una saa sita na nusu. Ukikaa na tamthilia hadi saa 6 usiku, uji wangu wa ulezi hautakusaidia na usiulaumu. Baada ya daku usijilaze. Kaa, swali alfajiri, jiandae. Kulala na tumbo lililojaa dakika 10 baada ya kula ndicho chanzo cha asidi kupanda kooni ambayo watu wengi huiita vidonda vya tumbo bila kupimwa.

Ofisini, zile hesabu zinazotaka kichwa kizima, yaani ulinganishi wa benki na marekebisho ya mwisho wa mwezi, zifanye kati ya saa 2 na saa 6. Baada ya adhuhuri, muda ambao wenzako wanakula, lala dakika 20 ukiwa umeegemea kiti au kwenye chumba cha kuswalia kama kipo. Weka kengele. Ukipitiliza saa nzima utaamka mzito kuliko ulivyolala. Saa 8 hadi 10 ibaki ya kazi za mkono: kupanga hati za malipo, kujibu barua pepe, kufuatilia saini. Mwombe mkuu wako mapema vikao vya kupitia hesabu viwe asubuhi. Wengi hukubali, ila huwa hawaombwi.

Zile siku zako za hedhi ambazo hufungi, kula mchana kama mtu anayekula, hata kama unajificha. Nimeona kina dada wengi wanashinda na biskuti na soda kwa aibu ya wenzao waliofunga, halafu damu inapungua. Beba kiporo cha maharage na mboga, na chai usinywe pamoja na chakula hicho bali saa moja baadaye, kwa sababu chai huzuia madini ya chuma yaliyo kwenye maharage na mboga yasiingie mwilini.

Futari za kualikwa, hasa zile za kampuni hotelini, hazitakuvurugia mpango kama hutafika ukiwa hujafungua. Fungua kwa tende zako na maji, kaswali, ndipo uende kwenye mstari wa vyakula, zunguka meza nzima ukitazama kabla hujashika sahani. Siku hiyo daku liwe jepesi zaidi, uji na yai moja, lakini liwepo.

Haya yote nimeyapima kwa mtu mzima kama wewe. Anayesoma hapa akiwa na kisukari na anatumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, asichukue ratiba hii. Aende kwa daktari wake kabla ya mwezi kuandama, dozi hupangwa upya. Akifunga, sukari ikishuka chini ya 3.9 au kupanda juu ya 16.6 kwenye mashine, anafungua saa hiyo hiyo, na kujitoboa kidole kupima hakuharibu saumu. Mjamzito, mwenye figo na mwenye vidonda vya tumbo vilivyothibitishwa, nao wana mazungumzo yao na daktari. Wewe mwenyewe, siku ukiona kizunguzungu hadi unashika ukuta, au unachanganyikiwa maneno, hiyo si uchovu wa kazi tena. Fungua, kunywa maji na kitu chenye sukari, uende zahanati. Siku hiyo utailipa baadaye.

Anza na kikombe cha saa 9 alasiri, hicho cha leo. Mwezi ukiandama, andika kwa siku nne kwenye karatasi moja: saa uliyolala, ulichokula kwenye daku, rangi ya mkojo wa adhuhuri, na saa usingizi ulipokushika. Nitumie karatasi hiyo, tuone ni kipi kati ya hivyo kinahitaji kuguswa.